Nukta Tatu Mwishoni: Amesita au Ujumbe Umekatika?

Ujumbe umeingia: “Nilikuwa nataka kukuambia kwamba...” Baada ya hapo kimya. Wengi wetu hapo hapo tunaanza kusoma moyo wa mtu. Amekasirika? Ana shida ya pesa? Kuna msiba anashindwa kuutaja? Mwongozo huu unakuomba uanze na swali lingine, la chini zaidi na lenye jibu: hizo nukta zimewekwa na nani? Zinaweza kuwa zimewekwa na kidole cha mwandishi. Zinaweza pia kuwa zimewekwa na simu yako mwenyewe, naye mwandishi hajui kabisa kwamba zipo. Ukishajua zimetoka wapi, nusu ya kazi imekwisha, na mara nyingi hofu nayo inakwisha.

Anza na skrini yako. Arifa inayotokea juu ya simu, na ile orodha ya mazungumzo yako yote, huwa na nafasi ya mstari mmoja au miwili tu. Maandishi yakizidi, simu huyakata na kubandika nukta tatu mwishoni. Kwa hiyo usimjibu mtu kwa kusoma arifa. Fungua mazungumzo yenyewe, shuka hadi chini ya ujumbe. Kwenye WhatsApp ujumbe mrefu sana hukunjwa hata ndani ya mazungumzo, na inabidi ubonyeze maneno ya rangi yaliyo mwishoni ili uendelee kusoma. Ukitaka uhakika kamili, bonyeza ujumbe kwa muda, unakili, kisha ubandike mahali pengine. Nukta zilizoandikwa na mtu zitakuja pamoja na maneno. Zile ambazo skrini ilizichora kwa kukosa nafasi hazitakuja.

Zikibaki, angalia ujumbe umepita njia gani, kwa sababu ujumbe wa kawaida wa simu na ule wa WhatsApp haukatiki kwa namna moja.

Ujumbe wa kawaida, ule usiohitaji bando la intaneti, una mipaka ya zamani. Mhandisi Mjerumani Friedhelm Hillebrand alikaa mwaka 1985 nyumbani kwake Bonn akichapa sentensi za kawaida na kuhesabu herufi zake, akaona kwamba 160 zinamtosha mtu kusema jambo. Kipimo hicho kimebaki hadi leo. Ukizidisha herufi 160, simu haikukatazi. Inaugawa ujumbe wako vipande, na kila kipande kinabeba namba ndogo ya kuieleza simu ya mpokeaji ni cha ngapi. Namba hiyo nayo inachukua nafasi, kwa hiyo kila kipande kinabaki na herufi 153. Vipande husafiri kila kimoja peke yake, na simu ya mpokeaji ndiyo inayoviunga. Kimoja kikichelewa au kikipotea, simu nyingine husubiri bila kukuonyesha chochote, nyingine hukuonyesha kilichofika na kuweka alama kwamba pana pengo, nyingine hukuachia nusu sentensi bila maelezo yoyote.

Hesabu hiyo ni ya herufi za kawaida. Ikiingia alama moja tu ambayo haimo kwenye jedwali la zamani la herufi za simu, ujumbe wote hubadilishiwa mfumo, na nafasi inashuka kutoka herufi 160 hadi 70. Ukigawanywa, kila kipande kinabeba 67. Emoji moja inatosha kufanya hivyo. Nukta tatu zilizounganishwa kuwa alama moja (…), ile unayoipata kwenye kibodi nyingi kwa kubonyeza kitufe cha nukta kwa muda, nayo inatosha. Nukta tatu zilizochapwa mojamoja hazina shida. Na sisi waandishi wa Kiswahili tuna mtego wetu wenyewe: kile kikato cha ng’. Kikato kilichonyooka (') kimo kwenye jedwali. Kilichopinda (’) hakimo, na iPhone ikiachwa kwenye mpangilio wake wa kawaida hukipinda yenyewe bila kukuuliza. Neno moja kama ng’ombe linaweza kuufanya ujumbe wa kipande kimoja uwe vipande viwili, na hapo ndipo nafasi ya kipande kupotea inapoanzia.

Tuchukue mfano tuufuatilie hadi mwisho. Dada yuko hospitalini Morogoro anamuuguza mama aliyefanyiwa upasuaji. Kaka yuko kazini Dar es Salaam, na kwenye simu yake ndogo ya vitufe anapokea hivi:

“Kaka habari za kazi. Mama ameng’ang’ania kurudi nyumbani ila daktar...”

Soma kama kaka. Neno ila, kisha daktari, kisha nukta. Ni nani asiyeshtuka? Inaonekana kabisa kama dada ameshindwa kulitamka alilosema daktari.

Sasa tazama kwa utulivu. Neno daktari halikumalizika, imebaki i. Mtu anayesita hasiti katikati ya neno. Husita akishalimaliza, kwa sababu kigugumizi cha kuandika hutokea pale anapotafuta neno linalofuata, na herufi ya mwisho ya neno alilokwisha kulianza haimpi shida. Hiyo ni dalili ya kwanza. Ya pili ni hesabu. Ziondoe nukta za mwisho, uhesabu herufi moja moja pamoja na nafasi na alama: kuanzia K ya Kaka hadi r ya daktar ni 67 kamili. Na ndani ya ujumbe kuna vikato viwili vilivyopinda, vilivyotosha kuushusha kwenye mfumo wa vipande vya 67. Hakuna moyo wa kusoma hapa. Kipande cha kwanza kimefika, cha pili hakijafika, na nukta zimewekwa na simu ya kaka.

Jioni kipande kinaingia, na kinaanza na herufi iliyokosekana: “i anataka akae hadi Jumatatu atolewe nyuzi. Njoo na mashuka mawili.” Ujumbe mzima ulikuwa na herufi 134. Kama vikato vingekuwa vimenyooka, ungeenda kipande kimoja na usingekuwa na pa kukatikia.

Kwa hiyo unaposhuku ujumbe wa kawaida, hesabu. Si lazima kwa kidole: simu nyingi, ukianza kuandika ujumbe mpya, huonyesha pembeni herufi zilizobaki au idadi ya vipande, basi bandika humo maneno uliyopokea bila zile nukta za mwisho. Kama yana emoji au kikato kilichopinda, angalia kama yanaishia 67, au 134, au 201. Kama ni herufi za kawaida tupu, angalia 153 au 306. Emoji kwa kawaida huhesabiwa mbili au zaidi, kwa hiyo usishangae ukikosea kwa moja au mbili. Na ujumbe ukianza katikati ya neno, badala ya kuishia katikati, huna haja hata ya kuhesabu: mwanzo wake umebaki njiani.

Neno zima lililo mwishoni, hata hivyo, lisikupe uhakika haraka. Kisu cha mtandao hakijui sarufi, na mara nyingine huangukia mwisho wa neno kwa bahati tu. Kiswahili kinaongeza hatari hii kwa sababu vipande vya vitenzi vyetu huweza kusimama kama maneno. “Kesho sita” inaweza kuwa saa, na inaweza kuwa mwanzo wa sitakuja. “Daktari amesema hana” inaweza kuendelea na tatizo, na inaweza kuendelea na jambo lingine kabisa. Ukiona mwisho wa namna hii kwenye ujumbe wa kawaida, usichague tafsiri. Hesabu kwanza, au uliza.

WhatsApp ni habari nyingine, na ni rahisi zaidi. Ujumbe mmoja wa WhatsApp hufika mzima au haufiki. Bando likiisha, mtandao ukiyumba, simu ikizimika, ujumbe utabaki kwa mtumaji ukisubiri, hautafika nusu. Basi nukta tatu unazozikuta ndani ya ujumbe wa WhatsApp uliofunguliwa wote zimeandikwa na mtu. Kinachoweza kukatika ni mfululizo. Wapo watu wanaoandika kidogo kidogo, kila kirai ujumbe wake: “Nimeongea na fundi...” kisha wa pili “amesema injini ni nzima”. Bando likiishia kati ya huo wa kwanza na wa pili, wewe unabakiwa na nukta, naye anaamini amemaliza kusema. Njia ya kujua ni kumjibu neno fupi, halafu utazame alama pembeni ya jibu lako. Tiki moja ikikaa muda mrefu, jibu halijafika kwenye simu yake: pengine amezima, au hana intaneti. Ukimya wake hauna maana yoyote bado. Tiki mbili zinakuambia simu yake imepokea. Hapo ndipo ukimya unaanza kuwa wa mtu.

Ajali ya kidole nayo ina sura yake. Mtu aliyebonyeza kitufe cha kutuma kabla hajamaliza hakuwahi kuweka nukta tatu, kwa sababu nukta tatu ni kazi ya makusudi: ni kubonyeza mara tatu, au kushikilia kitufe. Kibodi nyingi huweka nukta moja yenyewe ukigusa nafasi mara mbili, lakini si tatu. Ujumbe wa ajali huishia wazi, mara nyingi katikati ya neno: “Nimeshamlipa yule mwenye nyu”. Na hufuatwa haraka, ndani ya sekunde chache, na sehemu iliyobaki, au na ule ule ukiwa umerekebishwa. Tangu mwaka 2023 WhatsApp inamruhusu mtu kuuhariri ujumbe ndani ya dakika 15, na ujumbe uliohaririwa hubeba alama ndogo pembeni ya saa. Ukijikuta umesoma nusu kwenye arifa, fungua mazungumzo kabla ya kujibu. Huenda nusu ya pili imeshaongezwa.

Sasa tuseme umethibitisha kwamba nukta ni za mtu. Bado hujathibitisha kwamba amesita. Panda juu kwenye mazungumzo yenu ya zamani, usome jinsi anavyoandika siku asizokuwa na neno zito. Kuna watu, na wengi wao ni wazazi wetu na wakubwa zetu, ambao nukta tatu ndiyo koma yao na ndiyo nukta yao: “Habari za asubuhi mwanangu... nimefika salama... mvua ni nyingi huku... wasalimie...” Kwa mwandishi huyo, nukta za mwisho ni kupumua tu. Ukimwuliza mama wa namna hii “una nini?” utamtia wasiwasi ambao hakuwa nao. Kinyume chake, mtu ambaye miezi yote huandika sentensi zilizofungwa vizuri, siku akiacha nukta tatu mwishoni, ameacha kitu. Kipimo ni yeye mwenyewe wa jana.

Kuna na nukta ambazo ni ujumbe kamili. Waswahili tuna desturi ya kutaja nusu ya methali na kumwachia msikilizaji nusu ya pili. Shangazi akikuandikia “Asiyesikia la mkuu...” hajakatika wala hajasita. Amemaliza, na nusu uliyoachiwa ndiyo yenye makali. Usimwombe aendelee. Jibu lile ambalo methali inalikusudia, ukianza na shikamoo.

Na yapo maandishi yanayojifanya mkia wa mazungumzo ambayo hayakuwahi kuwepo. Watanzania wanaujua ule ujumbe unaotoka namba ngeni, ukisema ile hela itumwe kwenye namba hii, kana kwamba mlishaanza kuongea na mwanzo umekupita. Nguvu yake yote iko kwenye wewe kudhani kwamba kipande cha kwanza kimepotea. Usiujibu wala usitume kitu. Kama unadaiwa kweli, mpigie anayekudai kwa namba uliyokuwa nayo tangu zamani.

Kusita kwa kweli hutambulika kwa mahali sentensi ilipokatikia. Mtu husita kwenye kiungo, pale ambapo ameshafungua mlango wa jambo na bado hajaingia: baada ya ila, lakini, ni kwamba, sema tu, labda, nilikuwa nataka, sijui kama. Angalia ujumbe kama huu, kutoka kwa kijana kwenda kwa mjomba wake, saa nne usiku:

“Mjomba shikamoo. Samahani kwa usiku huu. Nilikuwa na jambo nataka tuongee ila...”

Maneno yote ni mazima. Ni ujumbe wa WhatsApp, kwa hiyo mtandao haukukata. Juu kwenye mazungumzo yao, kijana huyu huandika kwa kifupi na hafungi kwa nukta tatu. Ameomba samahani kabla ya kusema neno. Ameishia kwenye ila. Na mjomba akikaa kwenye mazungumzo anaona yale maneno ya kwamba kijana anaandika yakitokea, yakipotea, yakitokea tena, bila ujumbe kuingia. Alama hiyo moja peke yake isikupeleke mbali, kwa maana mtu anaweza kuwa anaandika na kufuta kwa sababu amepata mgeni mlangoni. Zikikutana zote, huyu amesita.

Kosa kubwa la mjomba lingekuwa kumalizia sentensi. “Unataka pesa?” “Umefukuzwa chuo?” Hata akibahatisha, amemnyang’anya kijana nafasi ya kulisema jambo kwa namna aliyokuwa akiitafuta. Asipobahatisha, kijana atashika lile jambo jepesi aliloletewa, akubali kwamba ni pesa tu, na lile zito litarudi ndani. Kosa la pili ni kuandika “Sema basi!”, kwa sababu linamwongezea haraka mtu ambaye tayari haraka ndiyo inayombana. Kosa la tatu, la wenye nia njema, ni kunyamaza ukidhani unampa nafasi. Tiki mbili za bluu bila jibu, kwa mtu aliyesita, zinasomeka kama kukataliwa.

Jibu zuri lina mambo mawili tu: kwamba umepokea, na kwamba muda upo. “Marahaba mwanangu, hujanisumbua. Nipo, hata kesho asubuhi kabla sijaenda kazini nipigie.” Taja muda halisi kama ulivyotajwa hapa; “wakati wowote” ni maneno ambayo mtu mwenye aibu hawezi kuyatumia, kwa kuwa hajui wakati wowote ni lini. Mpe pia njia nyingine ya kusemea. Kuna mambo ambayo hayaandikiki lakini yanasemeka kwa sauti iliyorekodiwa, na mengine yanasemeka tu mkiwa mmekaa. Kesho asubuhi asipopiga, mtafute wewe, mara moja, bila kumkumbusha kwamba alikuwa na jambo: msalimie, umuulize habari za masomo, umwache aingie mwenyewe. Akisema “ilikuwa kawaida tu mjomba”, kubali kwa siku hiyo.

Kwa ujumbe uliokatika, jibu ni tofauti kabisa, nalo linahitaji usahihi kuliko upole. Usiandike “sijaelewa”, kwa sababu mtumaji ataeleza upya jambo lote, na ujumbe mrefu zaidi una vipande vingi zaidi vya kupotea. Mrudishie maneno ya mwisho uliyoyapata: “Ujumbe wako umeishia kwenye ‘ila daktar’. Nitumie kuanzia hapo, kwa kifupi.” Naye atajua hapo hapo kilichopotea ni kipi.

Na usipojua ni lipi kati ya mawili, yaani hesabu haikukupa jibu na mtu huyu humjui vya kutosha, andika swali linalomfaa aliyesita na aliyekatika kwa pamoja: “Ujumbe wako umenifikia hadi ‘ila’. Kama kuna uliobaki haujafika.” Aliyekatika atautuma tena. Aliyesita amepewa mlango wa heshima: anaweza kuendelea kana kwamba mtandao ndio uliochelewesha, na anaweza pia kujibu kwamba ndiyo huo tu.

Lipo jambo moja ambalo halisubiri upimaji huu. Neno likikatika katikati, bila nukta za mkono, kwenye mazungumzo yaliyokuwa yakiendelea, na mtu yuko barabarani usiku, au ni mgonjwa aliye peke yake, au nyumbani kwake kuna ugomvi unaoujua, piga simu papo hapo. Simu ikiwa haipatikani, mpigie aliye karibu naye, jirani au mwenzake wa safari, kisha rudi kuhesabu herufi baadaye. Mara nyingi itakuwa chaji imeisha. Piga hata hivyo.

Na wewe unayetuma, unaweza kuwapunguzia wenzako kazi hii. Kwenye iPhone, zima `Smart Punctuation` iliyo chini ya `Settings` > `General` > `Keyboard`, ili kikato cha ng' kibaki kimenyooka. Unapomwandikia mtu mwenye simu ndogo kwa ujumbe wa kawaida, acha emoji, na jambo lenyewe liweke mbele ya salamu ndefu: “Mama hajambo, anatoka Jumatatu” kwanza, mashuka baadaye, ili hata kipande cha pili kikipotea, kilichofika kisimtishe mtu. Na ukiona kidole chako mwenyewe kinaelekea kuweka nukta tatu baada ya ila, futa hiyo ila. Andika badala yake: “Nina jambo zito kidogo, si la hatari, nitakupigia kesho jioni nikishajipanga.” Yale maneno matatu, si la hatari, kama ni kweli, yaandike kila mara.